Mwiko uliogusa karanga: chakula cha safari ya Iringa na Ruaha

"Asalaam alaykum kaka. Mwezi wa sita shule zikifungwa tunatoka Tanga watu watano, kwa gari letu, kuja Nyanda za Juu Kusini. Mwanangu wa miaka 8 ana mzio mkali wa karanga, ameshalazwa mara mbili. Sisi ni Waislamu, na wifi yangu hali nyama wala samaki. Tunachagua kati ya Ruaha, Kitulo na Matema. Twende wapi, na chakula tukipangeje?"

Waalaykum salaam dada, na kamwene kutoka Iringa. Nendeni Ruaha. Laleni Iringa mjini siku mbili kwanza, kisha ingieni hifadhini na chakula chenu, mpike wenyewe. Kitulo iacheni kwa mwaka mwingine. Watu hupanda kule kwa ajili ya maua, na maua ni ya msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Juni mtakuta baridi kali na nyasi zilizokauka. Matema ni pazuri sana, Ziwa Nyasa pale halina mfano, lakini kutoka Tanga ni lazima mpite Iringa, Mbeya, Tukuyu na Kyela. Hiyo ni siku nzima na zaidi ya kula njiani, na mkifika bado kila mlo utapikwa na mtu msiyemjua.

Najua kuna atakayekwambia nimepotoka, kwa sababu Ruaha ndiyo iliyo mbali na hospitali. Kutoka Iringa mjini hadi hifadhini ni kama kilomita 130, weka saa tatu za mwendo. Ni kweli, na nitarudi hapo. Lakini kwa mzio wa karanga mimi huanza na swali la nani ameshika mwiko, ndipo nihesabu kilomita. Hifadhini mwiko utaushika wewe.

Huku kwetu chakula cha wifi yako ndicho kitakachomdhuru mwanao. Nyinyi Tanga mkisema kisamvu, mtu anaona nazi. Huku nazi inakuja kwa lori, karanga inalimwa shambani nyuma ya nyumba. Kwa hiyo majani ya maboga, kisamvu, mchicha, hata kande, huungwa kwa karanga zilizotwangwa. Mwezi wa sita karanga mpya zimeshavunwa na bei imeshuka, kwa hiyo hazionewi huruma. Ukimwambia mama wa hoteli kwamba wifi hali nyama, atafanya kile ambacho mwenyeji yeyote mwema angefanya: atamletea bakuli la mboga za majani zilizoungwa vizuri. Sahani hiyo ikifika mezani kwenu, kijiko kimoja kikichovya hapa na kuchovya pale, tayari.

Na karanga ikishaiva ndani ya majani haionekani. Utaona tu mboga imekuwa nzito kidogo, rangi yake imefifia, na mafuta madogo yameelea juu. Kuna wanaodhani zikichemka sana zinapoteza nguvu. Hazipotezi. Kinachomdhuru mtoto ni protini ya karanga, na hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga.

Nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na wageni sita kwenye nyumba ya wageni ndogo, njia ya kwenda Ziwa Ngosi. Mmoja, mwanamke mtu mzima, alikuwa na mzio kama wa mwanao. Niliingia jikoni mwenyewe, nikauliza kama maharage yana karanga. Mpishi akasema hapana, hajaweka, na alisema kweli. Maharage yalikuwa na kitunguu, nyanya na chumvi basi. Lakini jiko la pili lilikuwa na sufuria ya majani ya maboga ya karanga, ya wafanyakazi, na mwiko ulikuwa mmoja. Alikoroga kule, akaupangusa ukingoni mwa sufuria, akaja kukoroga huku.

Mgeni wangu alikula vijiko vitatu, vinne, akasema midomo inamwasha. Baada ya dakika chache akatapika, sauti ikaanza kukwaruza kama ya mtu mwenye mafua. Tulikuwa na bahati ya gari na bahati ya barabara. Kituo cha afya kikawa na adrenalini, wakamdunga pajani, na baada ya muda mfupi akaanza kuongea vizuri. Mimi ndiye niliyeshindwa kuongea. Tangu siku hiyo siulizi tena kama chakula kina karanga. Nauliza leo jikoni karanga zimetumika kwenye nini, na naomba kuuona mwiko. Mwiko wa mbao wenye nyufa hausafishiki, hata ukioshwa na maji ya moto. Safirini na wenu.

Halafu kuna hili neno mzio. Sisi tunaosoma vijarida vya afya tunalielewa, lakini kwa mama mwenye umri jikoni mzio ni mwiko wa ukoo: kuna wasiokula mnyama fulani, kuna wasiokula samaki fulani, na mtu akikosea haanguki, anatubu tu. Ukimwambia "mtoto ana mzio wa karanga" anaweza kuelewa kwamba kwenu hamli karanga, akaona inatosha kutokumpakulia. Ukisema aleji, vijana wataelewa, lakini wengi wanafikiria vipele na muwasho. Sema hivi, kwa maneno haya haya: "Mama, huyu mtoto akila karanga hata chembe, koo linavimba, anakosa pumzi, anaweza kufa hapa hapa." Inatisha, na ndivyo inavyotakiwa. Nimeona wapishi wakisikia hivyo wakasema wenyewe, "Basi mwanangu leo usile hapa." Jibu hilo ni zuri kuliko "hamna shida". Mpishi anayekwambia hamna shida bila kufikiri, mshukuru, toka.

Mahali pengine ambapo karanga hujificha ni kifungua kinywa cha mtoto. Nyumba nyingi za wageni wakiona mtoto wanamletea uji, na uji unaopendwa kwa watoto ni wa lishe: mahindi, soya, ulezi, mchele na karanga, zimesagwa pamoja. Huo hata usiuulizie, ukatae. Lakini nenda hatua moja nyuma, kwenye mashine ya kusaga. Mtu anasaga lishe yake yenye karanga, anaondoka, anayefuata anamimina mahindi ya ugali. Unga wa kwanza kutoka unabeba mabaki ya aliyetangulia. Kwa hiyo ugali wa unga uliosagwa mtaani, ambao kila mtu atakwambia hauna kitu ndani, mimi simpi mtoto mwenye mzio mkali. Nunua sembe ya pakiti ya kiwanda kinachosaga mahindi peke yake, na usome pakiti. Mafuta vile vile: chukua ya alizeti yaliyofungwa kiwandani. Ya kupimiwa kwenye chupa za maji sokoni ni matamu, siyakatai kwangu, lakini hujui mashine ile ilikamua nini jana.

Sasa uhalali wa chakula. Nyama ya ng'ombe na mbuzi mijini kwa desturi huchinjwa na Waislamu, kwa hiyo buchani huna kazi kubwa, uliza tu. Kuku wa kijijini ndiye wa kuuliza kwa makini, maana anachinjwa na aliyekuwepo nyumbani. Kinachowaponyoka wageni wengi ni chipsi. Iringa na Mbeya ni nchi ya kitimoto. Utaona bango la kitimoto, au mdudu, au mbuzi katoliki, majina yote ni ya nguruwe. Banda la kitimoto huwa nyuma au pembeni, lakini karai la mafuta mara nyingi ni moja: kitimoto kinakaangwa, kinatolewa, ndizi zinafuata, chipsi zinafuata. Mtu ameagiza chipsi mayai, anasema amekwepa nyama. Penye bango hilo msile kitu chochote kilichopita kwenye mafuta au kwenye jiko la nyama choma. Njia rahisi ni kutafuta hoteli ya Muislamu jirani na msikiti. Mjini Iringa zipo, na Mbeya pia. Hapo umemaliza suala la halali, ila la karanga bado unaanza upya, kwa sababu kashata na mboga ya karanga hazina dini.

Ulanzi, ile pombe ya mianzi, msidanganyike nao. Watawaambia ule wa asubuhi ni mtamu kama maji ya muwa, nao ni kweli, lakini unachacha saa hadi saa, na aliyeubeba hajui umefika wapi.

Kwa wifi, neno nyama litamletea kuku. Huku, kama kwenu, ukisema huli nyama unaulizwa, "Basi tukuletee kuku?" Na wakikuelewa vizuri wanaweza kumpa wali na maharage, kisha wakaurashia wali mchuzi wa nyama ili usiwe mkavu. Aseme: nyama, kuku, samaki, dagaa, wala mchuzi wake.

Mipango yenyewe iwe hivi. Iringa tafuteni nyumba au chumba chenye jiko. Siku ya kwanza mpumzike. Siku ya pili asubuhi mpeleke mtoto Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini njia ya Mbeya. Ni bonde la nguzo za udongo, na zana za mawe za watu wa kale bado zipo. Bebeni mkate na mayai ya kuchemsha. Mchana rudini sokoni.

Sokoni nendeni na mfuko wenu wa nguo uliofuliwa. Mezani kwa muuza nafaka karanga, maharage na mchele hukaa kwenye ndoo jirani, na kopo la kupimia ni moja. Kwa hiyo mchele na maharage mnunue ya pakiti, na mkifika nyumbani myachambue na kuyaosha maji matatu. Viazi, karoti, vitunguu, nyanya, parachichi na kabichi havina tatizo hilo, vinaoshwa. Njegere mnunue zikiwa kwenye maganda yake, mbambue wenyewe. Mtoto atafurahi kazi hiyo. Kama nyumbani anakula njegere na maharage bila shida, endeleeni. Kama hajawahi kula mojawapo, safarini si pa kujaribu. Hifadhini haliliwi jipya.

Kwa watu watano kulala usiku mbili Ruaha mimi ningebeba mchele kilo 3, sembe kilo 2, viazi kilo 4, njegere zilizobambuliwa kilo moja na nusu, maharage kilo moja yaliyochemshwa tayari mjini ili kuokoa gesi, trei moja ya mayai, mikate miwili, mafuta lita moja. Kuku wawili mume wako awachinje mwenyewe asubuhi ya safari, wakatwe, waungwe chumvi na ndimu, wachemshwe, kisha wakae kwenye boksi la barafu. Waliwe usiku wa kwanza na mchana unaofuata. Nyama mbichi sipendi kuibeba siku mbili, kule bondeni joto la mchana halifanani na baridi ya Iringa.

Mapishi yaanze na sufuria ambayo wote watano wanaila. Kaanga vitunguu, tia nyanya ziive hadi mafuta yajitenge, tia karoti na viazi, maji kidogo, njegere mwishoni zibaki kijani. Hiyo na wali ni mlo kamili wa wifi, wa mtoto na wenu. Kuku apashwe kwenye sufuria yake, apakuliwe pembeni kwa anayetaka. Watu hufanya kinyume: wanapika mlo wa wengi, kisha wanamtafutia huyu kitu na yule kitu, wanaishia na sufuria nne, miiko miwili na mpishi aliyechoka. Mpishi aliyechoka ndiye anayekosea mwiko.

Hifadhini, makao makuu ya Ruaha yako Msembe, na TANAPA wana mabanda ya wageni wanaojipikia. Mnapoweka nafasi ulizeni jiko likoje na mnashiriki na nani. Mkikuta jiko la wote, msitumie sufuria zao wala dodoki lao, panguseni meza upya kwa sabuni na maji, tandikeni kitambaa chenu. Kwa mikono pia ni sabuni na maji. Kitakasa mikono kinaua vijidudu lakini karanga kinaiacha pale pale. Msiache chakula nje, tumbili na nyani wa kule wanafungua boksi kama mtu.

Kama mngependa kambi za kitalii badala ya kujipikia, inawezekana. Jikoni mle kuna wapishi wenye mafunzo na menyu hupangwa kwa mgeni. Ila andikeni ujumbe wiki mbili kabla, mweleze kwa maneno yale ya koo kuvimba, mwombe jibu la mpishi mwenyewe badala ya la mtu wa kuweka nafasi, na muulize kama karanga huwekwa kama vitafunio vya jioni au kwenye boksi la chakula cha garini. Mara nyingi huwekwa, na ndicho kinachosahaulika.

Nimesema nitarudi kwenye umbali. Kabla hamjaondoka Tanga, nenda kwa daktari wa mtoto umwambie mtakuwa saa tatu kutoka hospitali. Bila adrenalini mkononi, na bila mtu mzima aliyefundishwa kuitumia, Ruaha siwashauri, laleni Iringa tu. Zile kalamu za kujidunga ni adimu nchini. Wakikupa chupa ndogo na bomba la sindano, daktari akokotoe dozi kwa uzito wa mtoto, aweke alama kwenye bomba, na ufanye mazoezi kwa maji mbele yake. Kipimo cha kawaida ni milligramu 0.01 kwa kila kilo ya mtoto, lakini cha kufuata ni atakachoandika yeye. Ombeni dozi mbili angalau. Hudungwa kwenye msuli, upande wa nje wa paja. Dawa ikae kivulini, kwenye begi unalobeba mwilini. Isiwekwe kwenye dashibodi, wala isizikwe ndani ya barafu.

Dalili za mwanao unazijua kuliko mimi. Vipele peke yake ni jambo moja. Vipele pamoja na kutapika, au kikohozi cha ghafla, sauti kukwaruza, kupumua kwa mluzi, au mtoto mchangamfu kunyamaza na kulegea, hapo ni sindano mara moja. Msianze na vidonge vya aleji mkasubiri: vinatuliza muwasho, havifungui koo. Mlaze, miguu juu kidogo. Kama anapumua kwa shida akae, lakini asisimame wala kutembea. Akiwa hajapata nafuu baada ya dakika 5, dozi ya pili. Kisha gari liondoke kwenda Iringa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hata kama ameshaanza kucheka, maana dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye. Kama ana pumu, mwambie daktari hilo kwanza, linabadilisha hesabu yote. Mtandao wa simu mle hifadhini hukatika, kwa hiyo jioni mkifika ulizeni ofisini Msembe nani wa kuitwa usiku na gari lipo wapi.

Njiani kutoka Tanga bebeni chakula cha mchana. Mkifika Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima Kitonga, wauzaji watalizunguka gari na vitunguu, ndizi na karanga za kwenye karatasi. Vitunguu nunueni pale, ni vizuri kuliko vya Iringa mjini. Ila shuka wewe ukanunue, na mtoto abaki ndani, vioo vikiwa juu. Mikono ya wale vijana imeshika karanga tangu asubuhi, na kwa ukarimu wao hupenda kumpa mtoto za kuonja.